Yah: Ombi la Nafasi ya Mtengenezaji Tovuti wa Ngazi ya Awali, Upande wa Mtumiaji

Kwa Kiongozi wa Timu ya Tovuti,

Salaam. Naomba nafasi mliyoitangaza ya mtengenezaji tovuti wa ngazi ya awali, katika timu inayoshughulikia fomu ya kuomba miadi ya kliniki. Fani hii sikuisomea darasani. Nimejifundisha mwenyewe, jioni na siku za mapumziko, huku nikihudumia wasomaji katika maktaba ya chuo. Mkinipokea, itakuwa ajira yangu ya kwanza ya kutengeneza tovuti.

Katika tangazo lenu mmeeleza kwamba wagonjwa wengi hujaza fomu kwa simu, na kwamba wapo miongoni mwao wasioona vizuri. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii, kwa sababu hapo ndipo nilipoweka nguvu zangu nyingi tangu nilipoanza kujifunza.

Kazi ninayoweza kuwaonyesha kwanza ni ukurasa wa kutafuta vitabu wa maktaba yetu. Zamani orodha ya vitabu ilikaa kwenye faili la jedwali, na msomaji hakuwa na njia ya kujua kama kitabu kipo ila kuja mezani kuuliza. Kwa idhini ya mkuu wa maktaba nikatengeneza ukurasa ambao sasa wasomaji wanautumia kila siku, wengi wao kwenye simu. Nimeuandika kwa HTML, CSS na JavaScript tupu, bila maktaba yoyote ya msimbo juu yake, kwa kuwa nilitaka kuielewa misingi kabla ya kuegemea vitu vilivyojengwa na wengine. Orodha inafika ikiwa tayari ndani ya HTML, hivyo mwenye intaneti ya kusuasua anaanza kusoma kabla JavaScript haijapakuliwa. Kila picha ya jalada imetajiwa `width` na `height`, ili kivinjari kiitengee nafasi yake mapema na maandishi yasiruke msomaji anapotaka kubonyeza. Picha za chini zina `loading="lazy"`.

Kabla ukurasa haujafunguliwa kwa wote, nilimwomba msomaji wetu mmoja asiyeona aujaribu kwa kisoma skrini chake. Nilikaa pembeni, nikasikiliza. Alinieleza kwamba anapotafuta hataki kusomewa orodha nzima. Anataka kwanza asikie vitabu vingapi vimepatikana, kisha aamue kuendelea au kubadilisha neno. Kwa hiyo kila utafutaji ukikamilika, sentensi fupi kama "Vitabu 14 vimepatikana" huwekwa ndani ya kipengele chenye `role="status"`, na kisoma skrini huitamka bila kumtoa mtu kwenye kisanduku anachoandikia. Ni mistari michache tu ya msimbo, lakini hakuna sehemu ya ukurasa ule ninayoithamini kuliko hiyo.

Nimeipitia pia fomu yenu kwa kibodi peke yake, hadi hatua ya mwisho bila kutuma, nisije nikachukua nafasi ya mgonjwa. Mpangilio wa hatua unaeleweka, na kila kisanduku kina lebo inayobaki kuonekana hata baada ya mtu kuandika. Hilo nimelipenda sana, maana fomu nyingi huficha lebo mtu akiandika herufi ya kwanza tu. Penye kosa, hata hivyo, kisanduku kinabadilika kuwa na mpaka mwekundu na hakuna maneno yanayoeleza tatizo. Asiyetofautisha rangi hataliona, na anayetumia kisoma skrini hatalisikia. Mwongozo wa WCAG unalitaja jambo hili katika vigezo viwili: 1.4.1, kinachokataza rangi kuwa njia pekee ya kutoa taarifa, na 3.3.1, kinachotaka kosa litajwe kwa maandishi. Pendekezo langu kwa kisanduku cha simu ni hili:

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel"
       aria-invalid="true" aria-describedby="simu-kosa">
<p id="simu-kosa">Namba imepungua tarakimu moja.</p>
```

Pamoja na hayo, kitufe cha kuendelea kikibonyezwa, JavaScript ikipeleke kielekezi kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa kwa `focus()`. Yawezekana mnalijua tayari na limo kwenye orodha ya kazi zenu. Nimelileta ili mwone ninavyoitazama kazi: msomaji akishindwa kutafuta kitabu anakuja mezani kwangu, ila mgonjwa akikwama kwenye fomu usiku hana wa kumuuliza.

Kuhusu React, ambayo mmeitaja kuwa ya lazima, nimejifunza kwa nyaraka zake rasmi za react.dev, kisha nikatengeneza ratiba ya kuhifadhi vyumba vya kujisomea. Natumia `useState` bila wasiwasi, na nimejizoesha kukokotoa thamani wakati wa kuchora ukurasa badala ya kuipitisha kwenye `useEffect` pasipo haja. Majaribio nimeyaandika kwa Testing Library, nikitafuta vipengele kwa `getByRole`, kwa sababu kitufe kisichopatikana kwa njia hiyo mara nyingi hata kisoma skrini hakitakitambua kuwa ni kitufe. TypeScript naisoma na kuandika aina rahisi. Aina changamano bado zinanichukua muda. Upande wa seva sijaufanyia kazi ya maana.

Ninachokosa zaidi ni uzoefu wa timu. Git naitumia kila siku, nafungua matawi na kuandika maelezo ya mabadiliko kwa uangalifu, lakini msimbo wangu haujawahi kupitiwa na mhandisi mzoefu kabla ya kuingizwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutafuta ajira badala ya kuendelea peke yangu. Mtu anayejifundisha anaweza kujua kwamba kitu kinafanya kazi. Ni vigumu ajue kama mwenzake ataweza kukisoma na kukirekebisha mwaka ujao. Nataka kukosolewa mstari kwa mstari, na nitafurahi kuanza na kazi ndogo ambazo wengine hawana muda nazo: kurekebisha lebo, kupima uwiano wa rangi ufike 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, kukuza vitufe vidogo vinavyosumbua vidole.

Maktabani nimezoea pia kumweleza mtu jambo lilelile kwa maneno mengine hadi lieleweke, na kuandika maelekezo mafupi ya kubandika ukutani. Ujumbe wa kosa, maelezo chini ya kisanduku na maandishi ya kitufe ni kazi ya aina hiyohiyo, nami ningependa kuifanya kwenye timu yenu pale hakuna mwandishi maalumu.

Wasifu wangu nimeuambatanisha, na ndani yake mna viungo vya ukurasa wa vitabu, ratiba ya vyumba na msimbo wa vyote viwili. Kama mtapenda, mnaweza kunipa sehemu yoyote ya fomu yenu niitengeneze upya kama jaribio, kisha tuipitie pamoja kwenye usaili. Napatikana kwa mazungumzo siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi jioni, na Jumamosi kutwa. Mwajiri wangu anahitaji taarifa ya mwezi mmoja kabla sijaondoka.

Wako mwaminifu,

Rehema Juma