Maneno ya meneja kwa wanafunzi wapya: kompyuta tunazoshirikiana

Mwangaluka! Haya, karibuni. Mliotoka Igoma na Buhongwa, na ninyi mliovuka na kivuko cha Kamanga alfajiri, poleni na safari.

Mko 42. Kompyuta mpakato zinazofanya kazi ni 14. Kila moja basi ina watu watatu: wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Ukishika namba 6, kuna wenzako wawili wanaoisubiri.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana nilimwagia namba 9 chai ya maziwa. Nikafuta kwa leso, nikaona bado inawaka, nikanyamaza. Meneja mzima! Jioni binti mmoja akaiwasha, herufi A ikajiandika yenyewe mpaka ukurasa ukajaa, kisha ikazima moja kwa moja. Alilia, akidhani kaiua yeye. Fundi alipoifungua alikuta sukari imegandia kwenye madabodi. Ningeizima palepale, nikachomoa chaja, nikaigeuza kifudifudi na kumwita fundi, huenda ingepona.

Kwa hiyo likitokea jambo, sema. Ajali iliyosemwa siku ileile hatumkati mtu hela. Aliyeficha ndiye tutakayekaa naye, yeye na mdhamini wake.

Vinywaji vyote, hata maji, vinabaki kwenye meza ya mlangoni. Umekula dagaa kwa vidole? Bomba liko nje. Kabla ya kufunga, pitisha kiganja juu ya kibodi, maana kalamu moja iliyosahaulika inapasua kioo. Na ukiinyanyua, shika chini kwa mikono miwili. Ukivuta kona ya kioo, bawaba zinalegea. Usiilaze juu ya khanga au sweta, feni inavuta hewa kwa chini. Umeme ukikatika, chomoa chaja kwa kushika kichwa chake, wala usivute waya. Umeme ukirudi huwa unarudi kwa kishindo. Ukiona kibodi imeinuka katikati, betri imevimba hiyo. Usiikandamize. Izime, niite.

Kundi la jioni, wale wadudu wa ziwani mnawajua, wakija kama moshi. Wanafuata mwanga. Fungeni madirisha kabla ya kuwasha taa, la sivyo mtawakuta ndani ya kibodi asubuhi.

Kazi zako weka kwenye folda lenye jina lako, la mwenzako usiliguse. Flashi ipite kwanza kwa mwalimu, virusi havina mwenyewe. Ukimaliza barua pepe bonyeza Sign out. Kuna kijana alisahau, darasa zima likasoma alivyokuwa akimbembeleza mchumba.

Daftari lile pale. Unapopokea mashine, ikague, andika ulichokiona, weka saini. Kundi la asubuhi pangeni mstari. Namba 9 msiitafute, iko ofisini kwangu juu ya kabati. Naiona kila nikinywa chai.