YAH: MAOMBI YA KUTEULIWA MSIMAMIZI WA MIRATHI YA MAREHEMU HAMISI RAJABU

Zaina Omari,
Manundu, Korogwe.
12 Mei 2025

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Mwanzo, Korogwe.

Mheshimiwa,

Mume wangu, mkazi wa Manundu na Mwislamu, alifariki 3 Machi 2025 bila wosia. Ameacha mimi, mjane pekee, mama yake mzazi Bi. Mwanaidi na watoto wetu watatu: Rajabu (22), Asha (15) na Omari (9).

Mali ni nyumba ya Manundu, shamba la michungwa ekari 3 Muheza, pikipiki na akiba ya benki, ambayo haitoki bila amri ya mahakama. Ada ya Asha inasubiri. Marehemu anadaiwa shilingi 640,000 za pembejeo.

Kikao cha ukoo cha 20 Aprili kilinipendekeza. Naambatisha muhtasari wake na cheti cha kifo.

Wako mtiifu,
Zaina Omari (dole gumba)