Kaka, tununue vani ya pili

Assalaam aleykum kaka,

Habari za huko Mombasa. Lile shauri lako la kuongeza maraida wawili nimelifikiria sana na naona bora tuchukue vani ingine. Najua raida ni rahisi kuanza, ila mzigo wetu umebadilika, zamani ilikuwa mkate na maziwa madukani hapa Maweni, saa hizi ni dumu za maji za lita 20 na makreti ya soda kwenda Watamu na Mambrui. Pikipiki inabeba dumu ngapi kwani? Juzi kijana kafunga nne kwa mpira, kufika Gede moja ishapasuka, mteja kapokea tatu na maneno juu.

Halafu masika ikianza maraida wanajikinga mvua kwenye vibanda na simu zinanipigia mimi, si wewe 😅

Kuna vani moja ya mkono wa pili hapa mjini, mwenyewe anataka laki saba na nusu, nadhani kwa sita na nusu atashuka. Tutoe laki mbili za akiba, zilobaki tukope sako. Insuransi na mafuta ni gharama kweli sibishi, lakini hao maraida pia wana mishahara na pikipiki mbili za kununua. Raida tulonaye abaki, vichochoroni gari haliingii.

Ukija Ijumaa tuje na fundi wetu aikague injini, usimwambie mwenyewe tuna haraka.

Wasalaam,
mwenzio wa Malindi