Mifupa Yenu Inajengwa Sasa: Somo la Afya kwa Kidato cha Pili

Habari za asubuhi. Mifupa hii miwili ni ya paja la kuku. Mmoja ulilowekwa kwenye siki wiki nzima. Mwingine ulikaa kwenye makaa ya sigiri mpaka ukawa mweupe. Pitishianeni, kila mtu aishike kwa mkono wake. Ule wa siki unapinda kama mpira na hauvunjiki. Ule wa sigiri bado una umbo lake lote, lakini ukiubana kwa vidole unasagika kuwa unga.

Siki imeondoa madini, hasa kalsiamu na fosforasi, ikaacha nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Moto nao umeteketeza kolajeni na kuacha madini. Mfupa ulio hai una vyote viwili, kama zege na nondo zake: madini huuzuia usipinde, kolajeni huuzuia usipasuke.

Nimesema mfupa ulio hai, na ndivyo ulivyo. Una damu, una mishipa ya fahamu, na una aina tatu za seli ambazo nataka mzikumbuke kwa kazi zake. Kuna seli zinazobomoa mfupa uliochakaa. Kuna seli zinazojenga mfupa mpya mahali pale pale. Halafu kuna seli zilizozama ndani ya mfupa wenyewe, zimeunganishwa kwa vijinyuzi, na hizo ndizo zinazohisi uzito. Mfupa unapobanwa na kupinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, seli hizo hutoa habari: hapa pana kazi, ongezeni. Usipobanwa siku nyingi, zinatoa habari nyingine, na wabomoaji wanawashinda wajenzi.

Wote simameni. Rukeni mara kumi, mtue kwa miguu miwili, magoti yakunjwe kidogo. Mmesikia kile kishindo? Ukitua hivyo, ardhi inaisukuma miguu yako kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Mwenye kilo 45, mifupa ya miguu na nyonga yake imepokea msukumo wa zaidi ya kilo 100 kwa kufumba na kufumbua. Kishindo hicho ndicho seli zinachokingoja.

Ushahidi upo. Wachezaji wa tenisi walioanza wakiwa wadogo wana mfupa mnene zaidi kwenye mkono unaoshika raketi kuliko ule mwingine. Ni mtu mmoja, chakula kimoja, jua moja. Tofauti ni kazi tu. Na wanaanga, ambao miili yao haina uzito huko juu, hupoteza kama asilimia 1 ya wingi wa madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi, ingawa ni watu wazima wenye afya njema.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hili linawahusu nyinyi kuliko mimi. Msichana hukua kwa kasi zaidi akiwa na miaka kama 12, mvulana kama 14. Katika miaka takriban miwili inayozunguka wakati huo, mwili huweka karibu robo ya madini yote ya mifupa ambayo mtu atakuwa nayo utu uzimani. Kufikia mwisho wa ujana, sehemu kubwa sana ya mifupa imekwisha kujengwa. Baadaye mtu anaweza kuitunza, lakini hawezi kuijenga kwa wepisi kama sasa. Bibi anayeanguka mlangoni na kuvunjika nyonga, sehemu ya habari yake ilianza alipokuwa na umri wenu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu umri huu. Urefu hutangulia, madini hufuata miezi kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho mfupa ni mrefu lakini bado haujakomaa, ndiyo maana vijana huvunjika sana mkono karibu na kiganja. Hapa Arua tunawajua vizuri: msimu wa maembe ukifika, hakosi mwenye plasta. Tahadharini na matawi, lakini msiache kucheza.

Mazoezi gani basi? Yale ambayo unabeba uzito wa mwili wako ukiwa umesimama: kukimbia, kuruka kamba, netiboli, mpira wa miguu, mpira wa kikapu, kwepena, kupanda Mlima Arua. Ngoma pia. Mchezaji wa runyege anayekanyaga ardhi njuga zikilia miguuni anaifanyia mifupa yake kazi nzuri kabisa. Dada yetu Dorcus Inzikuru, mtoto wa Arua, alishinda ubingwa wa dunia Helsinki mwaka 2005 katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kukimbia, kuruka, kutua, kugeuka: mifupa hupenda kushtuliwa kwa namna mbalimbali, kutoka pande mbalimbali.

Kuogelea na kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo na mapafu, ila maji au kiti ndicho kinachokubeba, kwa hiyo mifupa inapata kidogo. Kutembea na jerikeni la maji kunahesabika, lakini ni mwendo ule ule, ongeza kuruka. Tena huhitaji kuruka saa nzima. Baada ya mirukio michache kadhaa, seli huzoea na kuacha kuitikia, kisha huamka tena zikipumzika. Mirukio 20 asubuhi na 20 jioni ni bora kuliko 200 kwa mkupuo mmoja mara moja kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa umri wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa.

Wasichana, nasema nanyi waziwazi. Wengi wenu mnaacha michezo hedhi inapoanza, mnakaa pembeni mkishika sweta za wavulana. Huo ndio wakati mifupa yenu inajengwa kwa kasi zaidi. Hedhi haikatazi kuruka. Ukiwa na maumivu makali mwone nesi, vinginevyo ingia uwanjani. Na anayekimbia sana huku akijinyima chakula hadi hedhi ikakatika, mifupa yake inadhoofika hata kama anashinda mashindano. Huyo aje tuzungumze.

Mazoezi yanaita madini, chakula ndicho kinachoyaleta. Umri wenu unahitaji kama miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Posho na maharage peke yake havifiki. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Mukene mle mzima na mifupa yake. Uji na ugali wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi, wala si chakula cha wazee. Simsim na mboga za majani pia. Vitamini D ngozi huitengeneza kwa jua, nalo hatulikosi.

Mwenye selimundu, au aliyevunjika karibuni, aulize kwanza kituo cha afya afanye mazoezi gani. Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila ukikimbia au yanayokuamsha usiku, hayavumiliwi. Niambieni siku hiyo hiyo.

Kazi ya wiki: chora jedwali la siku saba. Kila siku andika ulichofanya ukiwa umesimama, kwa dakika ngapi, uliruka mara ngapi, na ulikula nini chenye kalsiamu. Jumanne ijayo tutasomeana, na kila kundi lije na mchezo mmoja wa kuruka wa nyumbani kwao, tuucheze uwanjani. Njooni na kamba.