Barua ya Shukrani kwa Wachangiaji wa Chanja za Dagaa

Kikundi cha Wanawake Wakaushaji Dagaa,
Mwalo wa Kibirizi,
Kigoma.
9 Septemba 2024

Kwa ndugu zetu wana-Kigoma mnaoishi Dar es Salaam,

YAH: SHUKRANI KWA MCHANGO WENU

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika kuwashukuru kwa mchango mlioukusanya mwishoni mwa mwaka jana, na kuwaeleza kazi uliyoifanya.

Fedha zenu zilijenga chanja 12 za miti na nyavu, pamoja na maturubai ya kuzifunika, nazo zilianza kutumika Januari. Mnaoukumbuka mwalo wetu mnajua hali ilivyokuwa: mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa mchangani, na mvua ikiwakuta hawajakauka, mzigo wa siku nzima unaoza au unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Masika ya mwaka huu hatukutupa hata mzigo mmoja ulioanikwa juu ya chanja. Mwezi Machi mvua ilinyesha siku tatu mfululizo; kina mama waliwafunika dagaa kila wingu lilipokusanyika na kuwafunua jua lilipochungulia, na kwa kuwa upepo hupita chini ya wavu, walikauka bila kuvunda. Mnunuzi mmoja, mtu mgumu kweli kwa bei, alichota kiganja akawatafuna wakavu vivyo hivyo kuhakikisha hawana mchanga, kisha akachukua mzigo wote pasipo kubishana.

Chanja hizo hazijatutosha wanachama wote 18, hivyo tunaanika kwa zamu, na samaki wakiwa wengi wapo ambao bado hurudi mchangani. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, chanja zilikaa tupu, nasi tukautumia muda huo kubadilisha miti iliyoanza kuliwa na mchwa.

Tunachokitazama sasa ni ghala dogo lenye sakafu ya saruji, ili dagaa waliokauka wasilazimike kuuzwa siku ile ile kwa bei yoyote, na tumeanza kuweka akiba kidogo kidogo kutokana na mauzo. Mlichokitoa kimetimiza kazi yake, wala hamna deni lolote kwetu. Hata hivyo, ndugu atakayependa kuendelea kushirikiana nasi, iwe kwa mchango, kwa ushauri wa ujenzi au kwa kutuunganisha na wanunuzi wa huko, tutampokea kwa mikono miwili.

Mkija likizo ya Desemba, tunaomba mpite mwaloni mapema asubuhi, isipokuwa siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haiendi kuvua dagaa. Mtaziona chanja zikiwa kazini, mtaongea na kina mama wenyewe, na kila mmoja atafungiwa dagaa wa kwenda nao.

Wenu katika ujenzi wa Kigoma,

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama wote