Tangazo la TRA kwa tunaouza mtandaoni: soma kabla ya tarehe 31 Agosti 2025

Habari zenu wapendwa. Tangu lile tangazo litoke simu yangu haipumziki, kila mtu anauliza ni kweli tutakatwa kila tukiposti, na kuna dada wa vitenge pale Memorial ameshafuta picha zote Instagram kwa woga, jamani msifike huko, wengi wenu nawaandikia mahesabu nawajua, naomba msome taratibu.

TRA wanataka kila anayefanya biashara mtandaoni awe amejisajili kabla ya tarehe 31 Agosti 2025. Yani uwe na TIN ya biashara, ukadiriwe, ulipe kama mwenye fremu anavyolipa. Sio kodi ya kuposti, sio kodi ya stetasi. Ni kodi ya mapato ileile ya siku zote, tofauti ni kwamba sasa na sisi wa WhatsApp na TikTok tunatafutwa kwa jina.

TIN ni bure. Unahitaji namba ya NIDA, unaomba kwenye mfumo wa TRA wa mtandaoni au unaenda ofisini kwao, na anayekwambia toa elfu ishirini nikutengenezee anakula hela yako. Kama ulishapata TIN ulipokuwa unafuatilia leseni ya udereva usiombe nyingine, mtu mmoja TIN moja, hiyo yako inakuwa sio ya biashara kwahiyo waambie wakubadilishie iwe ya biashara.

Sasa kwenye hela, na hapa ndo naomba mtulie. Kwa mtu binafsi (mwenye kampuni ana utaratibu wake) ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi inaangalia MAUZO sio faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kodi ni sifuri, ila kujisajili unajisajili. Kuanzia hapo mpaka milioni 7, kama huna kumbukumbu unalipa laki moja, kama unazo unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Milioni 7 mpaka 11, bila kumbukumbu ni laki mbili na nusu, ukiwa nazo ni elfu 90 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Chukua mtu anayeuza magauni ya mtumba, kwa mwezi anauza kama 750,000, mwaka ni milioni 9. Hana daftari: 250,000. Ana daftari: 90,000 na asilimia 3 ya milioni 2 ambayo ni 60,000, jumla 150,000. Laki nzima imebaki kwa sababu ya daftari! Ndo maana kila siku nawapigia kelele andikeni, na mkienda Kariakoo daini risiti ya EFD hata kama muuzaji ananuna.

Na M-Pesa yenu ndo inaniumiza kichwa zaidi. Mteja wa Arusha anatuma 50,000, gauni ni 45,000 na 5,000 ni ya boda anayepeleka mzigo stendi, hapohapo kaka yako anatuma ada ya mtoto, hapohapo mchango wa kikoba, mwisho wa mwezi ukiulizwa mauzo ni yapi unabaki kushangaa na mtu anayekukadiria anaona tu hela nyingi imeingia. Tafuteni laini ya biashara peke yake au lipa namba, na hela ya boda iandikwe pembeni, kila siku kabla ya kulala, sio mwisho wa mwezi.

Malipo yanagawanywa mara nne, mwisho ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu.

Wanaoniuliza kuhusu kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2, hiyo ni ya makampuni ya nje yasiyo na ofisi hapa nchini, sio yako. Ila nyie mnaotengeneza maudhui mkalipwa na kampuni ya hapa, tangu Sheria ya Fedha ya 2024 wanatakiwa kukata asilimia 5 kabla ya kukulipa, waombeni cheti cha zuio mkitunze maana ni kodi mliyokwishalipa.

Tarehe 31 ni Jumapili, msisubiri. Ijumaa tarehe 29 saa mbili asubuhi naenda TRA hapa Moshi mjini na wale ambao hawajawahi kukadiriwa, anayetaka twende wote aniandikie inboksi leo, aje na namba ya NIDA, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na daftari hata kama lina kurasa tatu tu.