Taa ya Sita

Filamu fupi ya kubuni, dakika 14. Kiswahili na Kisukuma, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mwalo wa Igombe, Mwanza.

Kwa sentensi moja

Siku tatu kabla ya tajiri kudai fidia ya taa zilizopotea ziwani pamoja na mumewe, mwanika dagaa anaokota mojawapo na kugundua kamba yake ilikatwa kwa kisu cha shemeji anayemlisha.

Muhtasari

Mbalamwezi inaelekea kuisha. Giza likiingia mitumbwi ya dagaa itashuka tena, na mtumbwi usio na taa haushuki. Ndiyo maana tajiri anamtaka KABULA (34) alipe laki tisa, gharama ya taa sita alizoondoka nazo marehemu Masanja. Maduhu (28), mdogo wa marehemu, ndiye aliyerudi hai. Anasema dhoruba ilikata kamba. Kila asubuhi anamletea shemeji yake unga, na kila mara anaondoka bila kuketi.

Kabula anaikuta taa ya sita, ile inayofungwa karibu na mtumbwi, imenasa kwenye magugu maji. Akiirudisha, deni litapungua laki moja na nusu. Lakini ncha ya kamba haina nyuzi zilizochanika. Imekatika sawasawa, kama mkate uliokatwa. Kwenye mchanga anakata kipande kwa kisu, kingine anakivuta kwenye jiwe mpaka kikatike. Anavilinganisha. Kisha anaendelea kugeuza dagaa, maana mawingu yanakusanyika na dagaa wakinyeshewa wanauzwa chakula cha kuku.

Hamuulizi Maduhu kitu. Anachaji taa, anafunga kamba mpya, na usiku wa kwanza wa giza anapanda mtumbwini kabla yake, ingawa mwaloni wanaamini mwanamke hapandi. Katikati ya maji anaiwasha, anaiacha ielee, na kumpa Maduhu mwisho wa kamba.

"Shika."

Anashika. Upepo unaanza kuivuta. Mkono wake unapochubuka ndipo anaposema: taa zote sita zilikuwa zinauvuta mtumbwi ubavu kwa mawimbi, ungepinduka, akakata.

"Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameishika."

Kabula hajibu, wala hampokei kamba. Kutoka ufukweni tunaiona taa moja mpaka kunapambazuka.

Asubuhi Kabula anamkabidhi tajiri taa hiyo. "Zimebaki tano." Nyuma yake Maduhu, kiganja kimefungwa kitambaa, anaweka injini yake juu ya meza.

Kuhusu utengenezaji

Ajali haionyeshwi hata mara moja. Dhoruba yote imo kwenye ncha ya kamba. Mandhari ya ziwani yatapigwa kwa mwanga wa taa za wavuvi wenyewe, bila muziki: injini, maji, na kamba inayokwaruza ubao.